Safari ya Pigo Moja la Muheme

Kabla muheme haijapigwa, hupelekwa motoni. Vijijini Ugogo, mkoani Dodoma, ngoma hii ni ya wanawake: huibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja wakiwa wamesimama, huku wakiimba. Mchezo ukikaribia, moto mdogo huwashwa pembeni ya uwanja na ngoma zikaegemezwa nyuso zake zikiangalia joto. Kila baada ya muda mwenye ngoma huinyanyua yake, huigonga kwa ncha za vidole, hutega sikio, kisha huirudisha. Hana kipimo kingine. Ngoma ikitoa sauti nene na ya uvivu, bado. Ikitoa sauti kavu na ya kuruka, tayari. Akizembea ikakaa motoni kupita kiasi, ngozi hupasuka na jioni yake imeisha.

Ngozi mbichi ya ngoma huhifadhi unyevu hata baada ya miaka mingi. Joto likiutoa unyevu huo ngozi hutaka kunywea, lakini haina pa kwenda kwa sababu imewambwa na kushikwa pande zote ukingoni. Matokeo yake ni kukaza. Nguvu inayoishikilia ngozi iliyokaza ni kubwa kuliko mtu anavyodhani akiiona ngoma imelala chini. Tuchukue ngoma yenye uso wa kipenyo cha sentimita 25 na ngozi ya unene wa milimita moja hivi, iliyokazwa hadi ikatetema mara 150 kwa sekunde. Ukijumlisha mvuto wote kuzunguka ukingo wake, unapata nguvu inayokaribia uzito wa kilo 190, yaani magunia mawili ya mahindi kasoro kidogo. Ndiyo maana mtengenezaji wa ngoma hachagui gogo lolote tu. Mti dhaifu hupasuka kabla ngozi haijaanza kuimba.

Mara 150 kwa sekunde ndicho kidatu cha ngoma yetu, yaani kiwango cha unene au wembamba wa sauti yake. Wanafizikia wangeandika hezi 150. Kidatu hiki hutawaliwa na mambo matatu: upana wa ngozi, uzito wake, na jinsi ilivyokazwa. Ngozi pana hutetema polepole, nzito vilevile, na iliyokazwa hutetema upesi. Lakini mambo haya hayaendi sawasawa. Mvutano ukiongezwa maradufu, mitetemo haiongezeki maradufu: inapanda kutoka 150 hadi 212 tu. Ili ngoma hiyohiyo ifike mitetemo 300, mvutano wake sharti uwe mara nne ya ule wa mwanzo, na ngozi nyingi hazifiki huko salama. Kinyume chake pia ni kweli. Umande ukiingia usiku wa manane na mvutano ukapungua hadi nusu, ngoma ya 150 hushuka hadi 106, na wapigaji wanarudi tena motoni.

Basi ngoma yetu imekubali. Mwanamke ameibana, kundi limejipanga, na mita 32 kutoka hapo, kando ya uwanja, amekaa babu mmoja juu ya kigoda na mjukuu wake wa miaka tisa. Kiganja kinashuka.

Ngozi inazama kidogo, na mara moja mvutano unairudisha juu. Haisimami pale ilipokuwa mwanzo, inapitiliza, ikavimba upande wa pili, ikarudi tena. Inapovimba inaisukuma hewa iliyo juu yake na kuibana. Inapozama inaiachia nafasi, hewa ikalegea. Kubana na kulegea, kubana na kulegea, mara 150 kwa kila sekunde. Wimbi letu ndilo hilo.

Watu wengi huchanganya kidatu na kasi ya mapigo. Hivi ni vitu viwili mbali kabisa. Muziki wa singeli unaosumbua majirani wa Dar es Salaam una mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na mchezaji asiyeuzoea huishiwa pumzi. Lakini mapigo 240 kwa dakika ni manne tu kwa sekunde. Sikio linaweza kuyatenganisha moja moja. Mishtuko ya hewa ikifika ishirini hivi kwa sekunde, sikio haliwezi tena kuhesabu. Linaacha kusikia pigo na pigo, linaanza kusikia sauti moja nene iliyoungana. Kidatu kinaanzia hapo, na kwa kijana mwenye masikio mazima kinapanda hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Mpigaji anaweza basi kupiga polepole kwenye ngoma yenye sauti nyembamba, au upesi kwenye ngoma yenye sauti nene. Mkono wake ndio unaoamua mapigo, na ngozi ndiyo inayoamua kidatu.

Je, akipiga kwa nguvu zaidi? Ngozi itazama zaidi na kuvimba zaidi, hewa itabanwa zaidi, na sauti itakuwa kubwa zaidi. Idadi ya mitetemo kwa sekunde itabaki karibu ileile. Hapo ndipo ukubwa wa sauti unapotengana na kidatu: wa kwanza ni upana wa mwendo, wa pili ni wingi wa mizunguko. Neno “karibu” limewekwa makusudi. Pigo zito sana huinyoosha ngozi zaidi kwa muda mfupi, ikakaza kuliko kawaida, na sauti ikaanza juu kidogo kabla ya kushuka mahali pake. Wenye masikio makali huisikia ikiteleza.

Kuna na ufundi wa mahali pa kupiga. Uso wa ngoma hautetemi kwa namna moja tu. Wakati uso mzima unapanda na kushuka mara 150, nusu yake moja inaweza kuwa inapanda huku nusu ya pili ikishuka, na mtetemo huo wa pili huenda mara 1.59 ya ule wa kwanza, yaani 239 hivi. Ipo na mingine mingi juu yake. Kiganja kikitua katikati, mtetemo wa uso mzima ndio unaotawala, na sauti inatoka nene na kufa upesi. Vidole vikitua ukingoni, ile mingine inaamka na sauti inatoka kali na yenye mlio. Namba hizo za 1.59 na wenzake hazigawanyiki vizuri kama zile za nyuzi za zeze, ambazo huenda mara mbili, mara tatu, mara nne. Ndiyo sababu ni rahisi kuimba noti ya zeze na vigumu kuimba noti ya ngoma. Wahindi walilipatia jambo hili dawa katika tabla kwa kubandika tabaka la ujiuji mweusi mgumu katikati ya ngozi. Mwanafizikia C. V. Raman alionyesha mwaka 1920 kwamba tabaka hilo huipanga mitetemo ya ngozi ikakaribia mpangilio wa nyuzi, na tabla ikapata noti inayoimbika.

Tulifuate sasa wimbi lilipoiacha ngozi. Hewa iliyoguswa na ngoma haisafiri hadi kwa babu. Inasogea kidogo, inaigonga hewa ya jirani, na kurudi mahali pake, kama abiria wa daladala iliyojaa ambao aliye mlangoni akisukumwa, msukumo unafika hadi kiti cha nyuma ingawa kila mtu amebaki palepale alipokuwa. Kinachosafiri ni msukumo.

Kusogea kwenyewe ni kudogo mno. Pigo zuri la ngoma, mita moja kutoka kwenye ngozi, linaweza kufika desibeli 100. Kwa kipimo hicho hewa ya Dodoma inayumba mikromita 6 tu kwenda na kurudi, chini ya sehemu ya kumi ya unene wa unywele, na shinikizo lake linabadilika kwa sehemu moja katika zaidi ya 40,000 ya shinikizo la kawaida la hewa. Mtu aliyesimama hapo angesema ngoma inamtetemesha kifua, na angekuwa anasema kweli.

Usiku wa Julai katika uwanda wa Dodoma una baridi. Kwenye nyuzijoto 18 msukumo huenda mita 342 kwa sekunde. Mchana wa nyuzijoto 30 ungekwenda mita 349. Mji wa Dodoma uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100 na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga, lakini hilo haliichelewesha sauti. Kinachoamua mwendo wake ni joto. Kwa mwendo huo, mita 32 zinapitwa kwa muda unaokaribia sehemu ya kumi ya sekunde. Mjukuu akikazia macho anaweza kuona kiganja kimeanza kunyanyuka wakati sauti inamfikia. Katika muda huo mfupi ngozi imeshatetema mara 14, na mawimbi 14, kila moja likiwa na urefu wa mita 2 na sentimita 28, yametandazwa uwanjani kati ya mpigaji na babu.

Kila linaposonga mbele wimbi linapanuka pande zote, na nguvu yake inagawanywa kwenye eneo kubwa zaidi. Umbali ukiongezeka maradufu, sauti inapungua kwa desibeli 6. Kutoka mita 1 hadi 2, hadi 4, 8, 16, 32 ni hatua tano za maradufu, hivyo desibeli 100 za mpigaji zimekuwa 70 kwa babu. Desibeli haihesabiwi kwa kujumlisha tu: kila 10 zinazopungua, nguvu ya sauti imegawanywa kwa kumi. Babu anapokea basi sehemu moja ya elfu ya nguvu iliyopo mbele ya mpigaji. Hata hivyo hasikii sauti iliyopungua mara elfu. Kwa makadirio ya kawaida, mtu huiona sauti imepungua nusu kila inaposhuka desibeli 10, kwa hiyo kwa babu ngoma ni ndogo mara nane tu hivi kuliko kwa mpigaji.

Sauti ya filimbi ya kiongozi wa kundi inapita njia hiyohiyo lakini kwa tabia nyingine. Filimbi kali ina mitetemo kama 3,500 kwa sekunde, na wimbi lake halizidi sentimita kumi. Likikutana na ukuta wa nyumba hugonga na kurudi, na nyuma ya nyumba panabaki kimya. Wimbi la ngoma, lenye zaidi ya mita mbili, huukumbatia ukuta na kupinda nyuma yake. Hewa yenyewe nayo huzila sauti nyembamba upesi kuliko nene. Anayesikiliza mchezo kutoka kijiji cha pili hupata ngoma bila filimbi, tena ngoma iliyobaki mzizimo wake tu.

Wakazi wa uwanda huo husema ngoma ya usiku huenda mbali kuliko ya mchana, na si kwa sababu ya utulivu peke yake. Mchana ardhi imepata moto na hewa iliyo karibu nayo ni ya joto kuliko ya juu. Sauti huenda upesi chini kuliko juu, kwa hiyo wimbi linapinda kuelekea mbinguni na kumruka msikilizaji aliye mbali. Usiku wa kiangazi, anga likiwa wazi, ardhi hupoa haraka na kuipoza hewa inayoigusa, huku hewa ya juu ikibaki na joto lake. Sasa upande wa juu wa wimbi ndio unaotangulia, na wimbi linapindishwa kurudi chini. Sauti ambayo mchana ingepotelea angani inatua kwenye ua wa mtu kilomita kadhaa mbali.

Wimbi letu limefika kwa babu. Sehemu ya sikio inayoonekana, ile inayovutwa na walimu wakali, huikusanya sauti na kuielekeza katika tundu lenye urefu wa sentimita mbili na nusu hivi. Tundu hilo huvuma lenyewe kwenye mitetemo ya 3,000 na kidogo zaidi, hivyo huikuza sana filimbi na kuiacha ngoma ipite kama ilivyo. Hii ni sababu mojawapo inayofanya sikio kupendelea sauti za kati na nyembamba. Harvey Fletcher na Wilden Munson walilipima jambo hilo nchini Marekani na kuchapisha michoro yake mwaka 1933. Kwa vipimo vya leo, sauti ya mitetemo 150 inahitaji kufika desibeli 20 hivi ndipo isikike, ilhali ile ya 3,500 husikika hata chini ya sifuri ya desibeli. Sifuri hapo haina maana ya kimya. Ni kiwango kilichochaguliwa karibu na mwanzo wa kusikia kwa kijana.

Mwisho wa tundu kuna ngozi nyingine iliyowambwa: kiwambo cha sikio. Kipenyo chake hakizidi sentimita moja na unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Kinatetema mara 150 kwa sekunde, sawa na muheme ilivyofanya. Nyuma yake, katika chumba kidogo chenye hewa, mifupa mitatu imeshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku kina urefu wa milimita tatu hivi na ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini.

Kazi ya mifupa hii inaeleweka vizuri kwa kuuliza ingekuwaje kama isingekuwepo. Sehemu ya ndani ya sikio imejaa majimaji, na sauti ya hewani ikigonga maji moja kwa moja, karibu yote hurudi ilikotoka. Sehemu inayoingia ni kama moja katika elfu. Aliyezama mtoni huku wenzake wakimwita ukingoni anaijua hali hiyo. Mifupa inatatua tatizo kwa kukusanya nguvu iliyotua kwenye kiwambo kipana na kuikandamiza kwenye kidirisha kidogo kilicho chini ya kikuku, eneo lililo dogo mara 17 au zaidi. Ikiongezwa na nyundo kuwa ndefu kidogo kuliko fuawe, shinikizo linalofika kwenye majimaji huwa kubwa mara ishirini na kitu kuliko lililogusa kiwambo.

Kwenye majimaji wimbi linaingia koklea, mfereji uliojizungusha mara mbili na nusu hivi, ambao ungenyooshwa ungekuwa na urefu wa milimita 35. Katikati yake umepita utando, na hapa ndipo kidatu kinapotambuliwa. Utando ni mwembamba na umekaza mlangoni, kisha unapanuka na kulegea kadiri unavyokwenda ndani. Kila sauti ina mahali pake pa kuutikisa kwa nguvu. Filimbi ya 3,500 inafikia kilele chake milimita 12 hivi kutoka mlangoni na kuishia hapo. Muheme inapita mahali hapo, inazidi kuingia, na kilele chake kinakuwa milimita nne tu kabla ya mwisho wa mfereji. Georg von Békésy, Mhungari aliyeanza kazi hii akiwa mhandisi wa simu mjini Budapest, aliliona wimbi likisafiri kwenye utando huo kwa kutumia masikio ya maiti, akatunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1961. Siku hizi inafahamika kwamba sauti nene hutambuliwa pia kwa njia ya pili: neva hurusha ishara zake kwa kufuata mdundo wa wimbi lenyewe, na ubongo husoma ule mdundo.

Juu ya utando zimepangwa seli zenye vinywele. Safu ya ndani ina seli 3,500 hivi, na hizo ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo. Safu tatu za nje zina 12,000 hivi, na kazi yake ni ya ajabu zaidi. Kila wimbi linapopita hujifupisha na kujirefusha kwa kufuatana nalo, zikiuongezea utando nguvu. Sauti ndogo hukuzwa sana, kubwa hukuzwa kidogo, na kwa sababu hiyo sikio moja linaweza kusikia mbu na trekta bila kuharibika wala kukosa. Seli hizi hufanya kazi kwa bidii kiasi kwamba sikio zima hutoa kasauti ka mwangwi, jambo lililogunduliwa na David Kemp wa London mwaka 1978. Hospitali hutumia kasauti hako kuwapima watoto wachanga ambao hawawezi kusema kama wamesikia.

Mjukuu anageuza uso upande wa kushoto, ambako mpigaji mwingine amejibu. Hakufikiri. Wimbi kutoka kushoto lilifika sikio la kushoto mapema kuliko la kulia kwa muda usiozidi sehemu saba za elfu kumi za sekunde, na ubongo umekwisha kuupima. Kwa sauti nene njia hiyo ndiyo inayotegemewa, maana wimbi la mita mbili hupinda kukizunguka kichwa na masikio yote mawili hupata ukubwa uleule. Kwa filimbi, kichwa hutupa kivuli na sikio la mbali hupata kidogo.

“Babu, umesikia hiyo filimbi?”

“Filimbi gani, mjukuu wangu? Mimi nasikia ngoma.”

Babu hatanii. Uzee huanza kuzila seli zilizo karibu na mlango wa koklea, zile za sauti nyembamba, na zikifa hazioti tena. Za mwisho wa mfereji hudumu zaidi. Kwake muheme ni ileile ya ujanani ila filimbi imefifia, na anaposemeshwa analalamika kwamba watoto wa siku hizi wanamumunya maneno, kwa kuwa “s”, “f” na “sh” zimeundwa na sauti nyembamba hizohizo. Kumpigia kelele hakumsaidii sana. Irabu, ambazo anazisikia vizuri, ndizo zinazokuwa kubwa. Heri kumkabili, kusema taratibu na kumwacha aone midomo.

Kelele nayo huua seli hizo, tena bila kungoja uzee. Sikio lina msuli mdogo unaokivuta kikuku ili kupunguza makali ya sauti kubwa, lakini hauvuti papo hapo. Huchelewa kwa sehemu za mia za sekunde, wakati pigo la ngoma limefika kileleni na kupita. Anayestahili kuangaliwa zaidi ni mpigaji mwenyewe, ambaye masikio yake hayafiki mita moja kutoka kwenye ngozi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa desibeli 80 zinavumilika kwa saa 40 kwa wiki. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti imekuwa maradufu na muda sharti ukatwe nusu. Tuseme wastani wa mchezo mzima masikioni mwa mpigaji ni 95. Kutoka 80 hadi 95 kuna hatua tano za tatutatu, kwa hiyo saa 40 zinakatwa nusu mara tano: 20, 10, 5, mbili na nusu, kisha saa moja na robo. Usiku mmoja wa harusi unaumaliza muda wa wiki nzima na kuuzidi. Kijana anayecheza mbele ya spika za kigodoro zinazotoa 101 anamaliza haki yake ya wiki kabla ya dakika 20.

Dalili ya kwanza huja baada ya ngoma: masikio yanavuma, na sauti za watu zinasikika kama zimefunikwa. Kesho yake hali hurudi kawaida na mtu husahau. Kurudi huko hakuna maana kwamba hakuna kilichoharibika, na ikijirudia wiki baada ya wiki, siku moja uvumaji huamua kubaki.

Si kila kutosikia kunatokana na seli, hata hivyo. Nta iliyoziba tundu, mafua yaliyoziba mrija wa kupitisha hewa kwenda nyuma ya kiwambo, au kiwambo kilichotoboka kwa usaha wa muda mrefu, yote humzuia wimbi njiani kabla halijafika kwenye majimaji. Hayo mengi hutibika, ila si kwa njiti ya kiberiti, ambayo huisukuma nta ndani zaidi na wakati mwingine kukitoboa kiwambo chenyewe. Tofauti kati ya mlango ulioziba na seli zilizokufa inaweza kupimwa bila umeme, kwa uma wa sauti, chuma chenye meno mawili kinachotetema mara 512 kwa sekunde. Daktari Mjerumani Heinrich Adolf Rinne aliueleza upimaji huo mwaka 1855. Mtabibu huugonga uma, huusimamisha kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, kisha huuhamishia mbele ya tundu na kuuliza ni wapi unasikika zaidi. Mwenye njia safi husema mbele ya tundu, maana kiwambo na mifupa hufanya kazi yao. Aliyeziba husema nyuma, kwa kuwa mfupa wa kichwa umempelekea sauti kwenye koklea bila kupitia mlangoni.

Msomaji anaweza kulionja jambo hilo sasa hivi. Aseme “mmm” kwa sauti nene akiwa amefumba mdomo, kisha azibe sikio moja kwa kidole bila kuacha. Mvumo utahamia upande aliouziba. Babu akifanya hivyo pale kwenye kigoda atapata jibu lilelile la mjukuu wake, kwa sababu milango yake yote miwili iko wazi na sauti ya “mmm” ni nene. Filimbi imempotelea ndani zaidi, kwenye zile milimita za mwanzo za utando.